Swali la Themanini na Sita: Kuidhibiti Hofu katika Mtihani wa Leseni ya Uuguzi

Wauguzi wetu wanaoomba kazi nchini Marekani hulazimika kwanza kufaulu mtihani wa leseni uitwao NCLEX-RN, unaofanywa kwa kompyuta. Katika malalamiko tunayopokea kuhusu mtihani huu, moja hujirudia: mtahiniwa aliyejiandaa vyema anafika swali la 86, anaona kompyuta haijazima, anaamini ameshindwa, na tangu hapo mikono inatetemeka na maswali hayasomeki. Taharuki hiyo hutokana na kutoelewa jinsi mtihani unavyofanya kazi, na kwa sababu hiyo tunaanza hapo.

Mtihani una maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150, kwa muda wa saa tano. Ukijibu sawasawa, kompyuta hukuletea swali gumu zaidi. Ukikosea, hukuletea jepesi kidogo. Inatafuta kiwango ambacho utapata takriban nusu ya maswali na kukosa nusu. Kwa hiyo kuhisi kwamba kila swali linakushinda ni hali ya kawaida, hata kwa atakayefaulu. Kompyuta huzima pale inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu au chini ya kiwango cha kufaulu. Kuendelea baada ya swali la 85 maana yake ni kwamba bado haijaamua, na kila jibu lililobaki lina uzito. Kadhalika, aliyezimiwa kwenye swali la 85 anaweza kuwa amefaulu au ameshindwa.

Tuchukue mfano wa muuguzi anayeanza saa 2:00 asubuhi. Saa tano ni dakika 300. Ukizigawa kwa maswali 150, kila swali linapata dakika mbili. Hadi saa 4:00 amefika swali la 60, na hapo kompyuta humwuliza kama anataka mapumziko. Anachukua dakika kumi, akijua kwamba zinakatwa katika muda wake. Saa 5:00 kamili anamaliza swali la 85 na kompyuta haizimi. Amebakiwa na dakika 120 kwa maswali yasiyozidi 65, yaani karibu dakika moja na sekunde 50 kwa kila moja. Mapumziko yamemgharimu sekunde kumi tu kwa swali. Hesabu hii aifanye nyumbani, wala asiiache hadi siku ya mtihani, maana akili iliyoshikwa na hofu haigawanyi vizuri.

Sasa kuhusu pumzi. Ushauri wa mitaani husema, "Vuta pumzi kubwa." Ushauri huo, ukifuatwa kwa haraka, huzidisha tatizo. Mwenye hofu tayari anapumua kupita mahitaji ya mwili, na hewa ya kabonidayoksaidi katika damu yake inapungua. Upungufu huo husinyaza mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo; ndipo huja kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na hisia ya kukosa hewa, ambayo humfanya avute zaidi. Jambo la kurefusha ni kutoa pumzi. Vuta taratibu kwa pua ukihesabu hadi nne, bila kuinua mabega, kisha toa kwa midomo iliyofumbwa nusu, kama anayepoza chai, ukihesabu hadi sita. Kila mzunguko ni kama sekunde kumi, hivyo mizunguko kumi na miwili humaliza dakika mbili, muda wa swali moja. Ukihisi kizunguzungu kinaongezeka, unavuta hewa nyingi mno. Punguza kina cha pumzi, usibadili hesabu.

Zoezi hili halifanyi kazi kwa anayelijaribu mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani. Lifanye kwa dakika tano kila siku, walau wiki tatu kabla. Na katika majaribio ya nyumbani, fanya maswali 85 kwa mkupuo mmoja, pumua kwa dakika mbili, kisha ongeza mengine 40 ukiwa umechoka. Wengi huishia swali la 85 kila wanapojaribu, ndiyo maana la 86 huwatisha.

Tunatahadharisha kuhusu vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo vinavyopitishwa kutoka mkono hadi mkono baina ya watahiniwa. Propranololi inaweza kumbana kifua mwenye pumu, hata kwa kiasi kidogo, na muuguzi anayeijua hatari hiyo kwa mgonjwa wake huisahau kwake mwenyewe. Anayepatwa na taharuki hata siku asizosoma, au anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa, amwone daktari kabla ya kupanga tarehe ya mtihani.