Kura iko Nkowe, kijana yuko Dar: Kwa nini vijana hupiga kura kidogo kuliko wazee

Ukitaka kujua ni vijana wangapi walipiga kura katika Kata ya Nkowe, Wilaya ya Ruangwa, hutapata jibu kwenye matokeo. Fomu za matokeo huhesabu kura, hazihesabu umri. Ndiyo maana watafiti huwauliza wananchi wenyewe.

Utafiti wa Afrobarometer uliofanyika mwaka 2014 na 2015 katika nchi 36 za Afrika uliuliza swali hilo. Kati ya vijana wa miaka 18 hadi 35 waliokuwa na umri wa kupiga kura uchaguzi uliotangulia, asilimia 65 walisema walipiga. Kwa waliovuka miaka 35, waliosema hivyo walikuwa asilimia 79.

Mara nyingi lawama huangushiwa vijana wenyewe, kwamba wako bize na simu na mpira. Lakini ukifuatilia hatua anazopitia kijana mmoja kutoka Nkowe hadi kwenye sanduku la kura, unaona sababu nyingine.

Kura inakaa kituoni, kijana anahama

Tanzania, mtu hupiga kura kwenye kituo alichojiandikishia. Kwa mkulima wa miaka 50 hilo si tatizo. Nyumba yake iko palepale, na Oktoba ni msimu wa korosho, kwa hiyo siku ya kura anakuwa kijijini.

Sasa chukua mfano wa kijana aliyezaliwa Nkowe Septemba 2007. Uandikishaji mkoani Lindi ulifanyika kwa siku saba, 28 Januari hadi 3 Februari 2025. Alikuwa na miaka 17, lakini utaratibu uliruhusu kumwandikisha yeyote ambaye angefikisha 18 kufikia siku ya uchaguzi. Akaandikishwa, akapewa kadi.

Mwezi huohuo anaondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, labda bodaboda, labda kuuza duka la ndugu. Kura yake imebaki Nkowe. Ili aihamishe, anatakiwa kufika kituo cha kuandikisha anakoishi sasa, tena ndani ya siku zilizopangwa. Dar es Salaam siku hizo zilikuwa 17 hadi 23 Machi. Awamu ya pili ilikuja Mei, ikiwa na vituo vichache zaidi, na baada ya hapo dirisha likafungwa.

Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliweka pia mfumo wa mtandaoni, ambao mtu aliyemo kwenye daftari anaweza kuanzia mabadiliko yake kwenye simu. Shida ni kwamba hauimalizi kazi. Bado lazima aende kituoni kukamilisha, ndani ya siku zilezile.

Akikosa madirisha yote mawili, 29 Oktoba 2025 ana njia moja tu: kupanda basi kurudi Ruangwa, safari ya mamia ya kilomita. Siku ya kura ilikuwa mapumziko, lakini siku moja haitoshi kwenda na kurudi. Ukijumlisha nauli na siku za kazi anazozipoteza, unaelewa kwa nini wengi hubaki walipo.

Kuna mtego mwingine. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 haukutumia daftari hilo la Tume. Ulikuwa na orodha yake ya wakazi, iliyoandikishwa kuanzia 11 hadi 20 Oktoba 2024. Mwenye kadi ya mpiga kura ambaye hakujiandikisha upya kitongojini hakuwa na haki ya kumchagua mwenyekiti. Anayejua hayo mapema ni yule anayehudhuria mikutano ya kijiji, na huyo mara nyingi si kijana wa miaka 19.

Karatasi isiyo na mashindano

Sababu ya pili ni uchaguzi wenyewe. Wataalamu wa siasa wanasema kupiga kura ni mazoea, na chaguzi za mwanzo za mtu huwa na nguvu kubwa katika kuyajenga.

Kijana wa Nkowe aliyefikisha miaka 18 mwaka 2020 alianzaje? Katika Jimbo la Ruangwa, Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu, alipita bila kupingwa. Hapakuwa na kura ya ubunge jimboni. Mzee aliyeshapiga kura mara tano huenda akaenda kituoni tu kwa sababu amezoea. Anayeanza anajiuliza: naenda kufanya nini?

Mwaka 2025 swali hilo lilikuwa zito zaidi. Chadema haikushiriki, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alienguliwa. Siku ya kura yalizuka maandamano katika miji kadhaa, vijana wakiwa mstari wa mbele, na watu wakauawa. Tume ilitangaza kuwa takribani asilimia 87 ya walioandikishwa walipiga kura. Waangalizi wa SADC walisema vituo walivyotembelea vilikuwa na watu wachache sana. Kwa hiyo kijana asiyepiga kura si lazima awe hajali siasa.

Mageuzi yanayopendekezwa

La kwanza ni kuacha daftari wazi mwaka mzima. Kenya ina utaratibu huo: mtu anaweza kujiandikisha katika ofisi ya tume ya jimbo lake bila kusubiri msimu. Ila Kenya pia inaonyesha mipaka yake. Kampeni ya uandikishaji ya Oktoba 2021 ililenga wapiga kura wapya milioni 6, ikapata kama milioni 1.5. Kufikia uchaguzi wa 2022, vijana waliokuwa kwenye daftari walikuwa wamepungua kuliko 2017. Mlango ulikuwa wazi, lakini wengi hawakuona sababu ya kuingia.

La pili ni kuunganisha daftari na kitambulisho cha taifa. Rwanda huandaa orodha ya wapiga kura kutokana na taarifa za vitambulisho, na mpiga kura anaweza kubadili kituo kwa simu ya kawaida kwa kupiga *169#. Kwa kijana wetu aliyeko Dar, hilo lingemwondolea karibu kikwazo chote. Lakini kwa Tanzania lingefanya kazi kwa kadiri ambavyo NIDA imewafikia vijana. Asiye na namba ya NIDA angeachwa nje kabisa.

La tatu ni kuhakikisha kuna cha kuchagua. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2024 imefuta kupita bila kupingwa: mgombea wa ubunge au udiwani akibaki peke yake, wananchi humpigia kura ya ndiyo au hapana. Ni hatua, ingawa kura ya hapana haikuletei mgombea mwingine. Wanaotaka zaidi wanadai mgombea binafsi, ambaye bado hatambuliwi Tanzania licha ya Mahakama ya Afrika kuamua mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba zuio hilo linakiuka haki. Kijana anaruhusiwa kugombea ubunge akiwa na miaka 21, lakini lazima kwanza chama kimteue.

Mageuzi mawili ya mwanzo yanapunguza gharama ya kufika kituoni. La tatu linagusa sababu ya kwenda. Uzoefu wa Kenya unaonyesha kuwa ukirekebisha upande mmoja tu, pengo linabaki.

Ratiba ya miaka mitano ikifuatwa, uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni 2029. Watakaotimiza miaka 18 mwaka huo walizaliwa 2011, na sasa wengi wao bado wako shuleni.