Fulana Zilizochapwa Vibaya: Hasara Ni ya Nani? (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tulifuata safari ya maandishi kutoka simu ya mteja hadi kwenye kitambaa. Leo tunauliza swali linaloleta ugomvi: fulana zikifika na maandishi yasiyo sahihi, nani alipe?

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha akina mama wa Mwihoko, wadi iliyo katika eneo la Ruiru, kinatimiza miaka 10. Kinaagiza fulana 40 zenye maneno "Kikundi cha Mwĩhoko, 2015–2025". Mwenyekiti anasisitiza jina liandikwe kwa Kikuyu sanifu, likiwa na kile kiwimbi juu ya ĩ. Bei ni Sh650 kwa fulana, yaani Sh26,000 kwa jumla. Kikundi kinatuma dipoziti ya Sh13,000 kwa M-Pesa. Kwa upande wa mchapaji, tuseme kila fulana tupu inamgharimu Sh350, na wino na kazi Sh150. Atatumia Sh20,000 na kubaki na faida ya Sh6,000.

Siku mbili kabla ya sherehe, mzigo unafika. Kwenye kila fulana, mahali pa ĩ pana kisanduku kitupu: "Mw□hoko".

Kabla ya kulaumiana, pande zote mbili zitafute maandishi matatu na kuyapanga kwa mfuatano. La kwanza ni agizo, kama lilivyotumwa na mteja. La pili ni picha ya mwisho ambayo mchapaji alituma na mteja akaikubali. La tatu ni fulana yenyewe. Kosa lilianza pale ambapo maandishi yalibadilika kwa mara ya kwanza, na mara nyingi mwenye hasara hupatikana hapo hapo.

Katika mfano wetu, agizo lilikuwa sahihi na picha iliyokubaliwa ilikuwa sahihi. Mabadiliko yalitokea baadaye, faili lilipofunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Aina ya herufi iliyokuwa humo haikuwa na ĩ, kwa hiyo programu ikaweka kisanduku. Wakati mwingine haiweki kisanduku bali huazima herufi hiyo moja kutoka aina nyingine, na utaiona imenenepa au imekonda kuliko wenzake. Hiyo ndiyo alama ya kosa la mashine. Mtu anayekosea kuchapa hupanga herufi vibaya au huziruka. Hawezi kubadilisha umbo la herufi moja peke yake. Fundi makini huligeuza neno zima kuwa mchoro kabla ya kuhamisha faili, ili kompyuta ya pili isiwe na herufi ya kubadilisha.

Sheria inasema nini? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, inasema katika kifungu cha 15 kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Hapa maelezo ni ile picha iliyokubaliwa. Fulana hazikulingana nayo, kwa hiyo kikundi kina haki ya kuzikataa zote na kudai Sh13,000 zake. Kikimpa mchapaji nafasi ya kurudia kazi, gharama ni yake. Atatumia Sh20,000 nyingine, alipwe Sh26,000 zilezile, na abaki na hasara ya Sh14,000.

Mchapaji anaweza kujitetea kwamba yeye si muuzaji wa bidhaa, ameuza kazi ya mikono yake tu. Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1861, katika kesi ya Lee dhidi ya Griffin, mahakama ya Uingereza ilimsikiliza daktari aliyemtengenezea mama mmoja meno ya bandia, mama akafariki kabla ya kuwekewa. Ingawa meno yale yasingemfaa mtu mwingine yeyote, mahakama iliamua kwamba huo ulikuwa mkataba wa kuuza bidhaa. Kwa mantiki hiyo, fulana ambayo mchapaji ameitoa mwenyewe ni bidhaa hata ikiwa na jina lako. Ukimpelekea fulana zako mwenyewe achape tu, umenunua huduma. Hata hapo, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inataka huduma iwe ya ubora unaokubalika.

Sasa tugeuze mfano. Tuseme herufi zote ni sawa, lakini mweka hazina alipotuma agizo aliandika 2016 badala ya 2015. Mchapaji akafuata alichoandikiwa. Maandishi yote matatu yanalingana, na kosa lilikuwamo tangu mwanzo. Hasara hii ni ya kikundi. Kitamaliza kulipa Sh26,000, na kikitaka nyingine, hata mchapaji akiwahurumia na kuwatoza gharama yake tu ya Sh20,000, sherehe itakuwa imewagharimu Sh46,000 za fulana. Hata hivyo kuna namna ya kupunguza hasara. Wino wa skrini ukishakauka kwa joto hautoki kwa kufua, lakini kipande kidogo kilichochapwa mwaka sahihi kinaweza kubandikwa juu ya ule uliokosewa. Mtu anayedai fidia kwa haki anatazamiwa pia kujaribu njia za namna hiyo kabla ya kudai mzigo mzima upya.

Kesi ngumu ni ya tatu. Agizo lilikuwa sahihi, mchapaji akaandika 2051 kwenye picha, mwenyekiti akaitazama kwa haraka akiwa sokoni Githurai na kujibu: "Sawa, endelea." Aliyekosea kwanza ni mchapaji, lakini aliyeidhinisha ni mteja. Kwa kawaida idhini hiyo huchukua nafasi ya agizo, na mzigo humwelekea mteja. Lakini si lazima iwe hivyo. Kama picha ilikuwa ndogo kiasi kwamba mwaka haukusomeka, au mchapaji alimhakikishia kwamba hakubadilisha chochote, idhini hiyo inapoteza nguvu. Katika hali kama hii ni busara zaidi kugawana gharama ya kurudia, Sh10,000 kila upande, kuliko kuvunja uhusiano.

Mambo mawili hupoteza haki ya mteja hata pale kosa si lake. La kwanza ni kuzipokea fulana na kuzikalia, au kuzigawa na kuzivaa. Sheria humhesabu mtu huyo kuwa amezikubali. Atabaki kudai fidia, si kurudisha mzigo. Basi fungua mfuko mbele ya aliyeleta, soma fulana moja herufi kwa herufi, kisha hesabu zote. La pili ni kufuta mazungumzo ya WhatsApp. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali ushahidi wa kielektroniki, na maandishi mawili kati ya yale matatu yamo humo humo kwenye simu.

Je, ile risiti iliyogongwa muhuri wa "pesa hazirudishwi"? Sheria ya mwaka 2012 inasema haki ilizompa mtumiaji haziondolewi kwa makubaliano yanayozipinga. Muhuri huo unaweza kumzuia mteja aliyebadili nia. Haumfungi aliyeletewa kisichofanana na alichokiagiza.

Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Juma lijalo tutaeleza namna ya kuandika dai lenyewe, na kwa nini picha za maandishi yale matatu ziende nalo.