Besi ya Re Katika Walsi ya Kijiji

Nilimkuta mzee mmoja jikoni kwake Begunje, kijiji cha Gorenjska huko Slovenia, kodiani ikiwa mapajani, mjukuu wake akitutafsiria. Alikuwa akitunga walsi ya kuchezwa harusini. Wimbo ulikuwa mwepesi, ningeweza kuuimba baada ya kuusikia mara mbili. Lakini kila alipofika kipimo cha tatu sikio langu, lililolelewa na kwaya, lilisita. Kodi ilikuwa ya so, nami nilingoja besi ya so. Yeye alipiga re.

Begunje ndiko alikotoka Slavko Avsenik, aliyeanzisha bendi yake pamoja na kaka yake Vilko mwaka 1953 na kuufanya muziki wa dansi za vijijini usikike Ulaya nzima. Kodiani yenyewe iliandikishwa Vienna mwaka 1829 na Cyrill Demian, na tangu siku hizo kitufe kimoja kiliweza kutoa kodi nzima. Watu wa Murang'a waliokua na mwomboko wanajua chombo hiki kinavyoinua watu vitini.

Nilimuuliza kuhusu ile re. Hakunijibu moja kwa moja, alianza na miguu.

"Walsi ina mapigo matatu, lakini mcheza dansi anahesabu sita," alisema. "Kipimo cha kwanza anaanza kwa mguu mmoja, cha pili kwa mwingine. Vipimo viwili ndivyo vinavyomzungusha mara moja. Ukitunga sehemu ya vipimo saba, utamwacha amegeukia ukuta."

Kwa hiyo wimbo wake una vipimo 16, nusu kwa nusu. Mkono wa kushoto nao unakwenda wawili wawili. Pigo la kwanza ni besi, la pili na la tatu ni kodi: um-pa-pa. Kwenye kodi ya do, kipimo cha kwanza kina besi ya do, cha pili besi ya so, na kodi inabaki ileile. Vitufe hivyo vimepakana, kwani safu ya besi imepangwa fa, do, so, re, kila kimoja juu ya mwenzake, na kidole hakisafiri mbali.

Hapo ndipo penye mtego. Vipimo viwili vya kwanza vimekwisha kwenye so, na kipimo cha tatu kinaingia kodi ya so. Ukianza na so tena, besi imesema neno moja mara mbili. Alinipigia hivyo. Kodi ilibadilika, lakini chini hapakuwa na kilichosogea, na dansi ikawa kama imekanyaga tope.

"Umesikia? Mguu haukupata pa kwenda."

Basi kwa vipimo vinne vya kodi ya so anapiga re, so, re, so. Kisha do inarudi katika kipimo cha saba, ikitanguliwa na so, na mwili wote unajua umefika nyumbani.

Wimbo wenyewe aliuandika juu ya besi hizo. Karibu kila kipimo kina nota ndefu ya mapigo mawili na fupi ya pigo moja: so-mi, so-mi, halafu fa-re. Katika nusu ya kwanza haupandi kupita so. La anaiweka akiba hadi kipimo cha 11, kodi inapohamia fa, kisha wimbo unateremka polepole hadi do. Nota sita tu. "Bibi arusi, babu na mlevi lazima waufikie," alisema. Mvukuto anaugeuza mwisho wa kila vipimo vinne, pale pale waimbaji wanapovuta pumzi, na zile pa-pa anaziachia upesi ili pawe na nafasi kati yake. Wanafunzi, alisema, huzibana, na walsi inakuwa nzito hata kama kasi ni ileile.

Nilijaribu kuweka maneno ya Kiswahili. Mwanzo ulinishangaza kwa utamu wake: "mama", "njoni", "leo", silabi yenye mkazo inaangukia nota ndefu na ya mwisho inaangukia fupi, bila kulazimisha. Tatizo lilikuwa mwishoni. Mzee anafunga kwa do moja, anayoishikilia vipimo viwili. Maneno yetu karibu yote yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo lazima ibaki silabi moja dhaifu baada ya ile nzito. Niliikata ile do: silabi ya kwanza kipimo cha 15, ya pili cha 16.

Alisikiliza, akapiga tena na tena, akabadili besi ya 16 kuwa so, kisha akairudisha do. Iliimbika. Lakini alitaka kujua jambo ambalo sikuweza kumjibu: silabi hiyo dhaifu ikianguka juu ya besi ya mwisho, wachezaji watasimama, au watageuka mara nyingine wakisubiri?