Bumu Likiingia Kwenye Biashara, Usiliite Mauzo

Hapa chuoni biashara ndogo ni nyingi kuliko tunavyohesabu. Yupo anayeuza chapati hosteli, yupo wa mitumba, yupo mwenye mashine ya kuprinti chini ya ngazi. Wengi wao wana daftari, na daftari hilo mara nyingi lina safu mbili tu: "imeingia" na "imetoka". Mimi nasomea ualimu, na somo langu moja la kufundishia ni utunzaji wa hesabu, kwa hiyo marafiki hunipa madaftari yao niyaangalie. Ugonjwa ninaoukuta mara kwa mara ni huu: pesa ya mauzo, pesa ya mwenye biashara na pesa ya mkopo zote zimekaa kwenye safu moja ya "imeingia".

Chukua daftari la rafiki yangu mmoja anayepika chapati. Mwezi ambao bumu lilitoka, safu ya "imeingia" ilikuwa hivi:

- Mauzo: Sh. 380,000
- Alizotoa kwenye bumu lake: Sh. 200,000
- Mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa: Sh. 300,000

Jumla ni 880,000. Safu ya "imetoka" ilikuwa na unga na mafuta 270,000, gesi 60,000, msaidizi 60,000 na kodi ya kibanda 40,000, jumla 430,000. Mwisho wa mwezi unga na mafuta vilikuwa vimekwisha. Akatoa 430,000 kwenye 880,000, akabaki na 450,000. Akaniambia, "Mwezi huu nimepata faida laki nne na nusu." Alikuwa tayari ameulizia fremu karibu na geti, na mwenye fremu alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Pesa ilikuwepo kweli, laki nne na nusu, ukihesabu noti unazipata. Lakini faida haikuwepo. Faida hutokana na mauzo ukitoa gharama za kupata mauzo hayo. Mauzo yake yalikuwa 380,000 na gharama 430,000, kwa hiyo chapati zilikuwa zimemla hasara ya 50,000. Mwezi huo aliuza chapati 950 kwa shilingi 400 kila moja. Ukigawa gharama kwa idadi hiyo, kila chapati ilimgharimu takriban shilingi 453. Alikuwa anapoteza kwenye kila chapati, na hakuona kwa sababu bumu na mkopo vilikuwa vimeifunika hasara.

Sasa ile 450,000 ni ya nani? Hapo ndipo kutenganisha kunapoleta jibu. Laki tatu inadaiwa na kikundi. Inayobaki ya mwenye biashara ni 150,000. Hakiki kwa njia ya pili: aliweka mtaji 200,000, akapata hasara 50,000, amebaki na 150,000. Njia zote mbili zinakutana. Zisipokutana, ujue kuna kitu umekiandika mahali pasipo pake. Kanuni yenyewe ni fupi: mali ya biashara ni sawa na madeni kujumlisha mtaji wa mwenyewe. Mkopo unaongeza mali na madeni. Pesa ya mwenyewe inaongeza mali na mtaji. Vyote viwili havigusi faida.

Rafiki yangu akaniuliza swali zuri: "Lakini bumu si mkopo? Nitalirudisha Bodi ya Mikopo." Ni kweli, bumu ni mkopo, ila ni mkopo wako wewe mwanafunzi. Bodi haikuikopesha biashara ya chapati, na haitakuja kibandani kudai marejesho. Kwenye hesabu tunaichukulia biashara kama mtu wa pembeni, hata kama mwenye nayo ni wewe peke yako. Ulipopokea bumu ulikopa wewe. Ulipotoa laki mbili kununulia unga, uliweka mtaji. Kwa hiyo jiulize, "Je, biashara yenyewe ina wajibu wa kurudisha pesa hii kwa mtu mwingine?" Ikiwa ndiyo, andika mkopo. Ikiwa ni wewe umeitoa mfukoni, andika mtaji, haijalishi mfukoni ilifikaje. Laki moja aliyokupa mama kama zawadi, ukaiingiza kwenye biashara, ni mtaji. Laki hiyohiyo ikiwa mama amesema irudi kutoka kwenye mauzo ifikapo Juni, ni mkopo. Mtindo wa "tutaona mbele ya safari" ndio unaogombanisha ndugu, kwa hiyo ulizeni siku pesa inapotolewa, kisha muandike.

Kutengeneza daftari hakuhitaji programu yoyote. Upande wa kuingia chora safu tatu: mauzo, mtaji, mkopo. Upande wa kutoka chora safu tatu pia: gharama, marejesho, matumizi binafsi. Kila pesa iingie kwenye safu moja tu, siku hiyohiyo. Faida unaitafuta kwa mauzo na gharama peke yake.

Safu ya marejesho inataka umakini kidogo. Tuseme kikundi kinataka 33,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Ndani yake 30,000 ni kurudisha pesa uliyokopa, na 3,000 ni riba. Ile 30,000 inapunguza deni, si gharama, kama ambavyo ulipoipokea haikuwa mauzo. Riba ya 3,000 ndiyo gharama. Vivyo hivyo ukichukua 20,000 ya nauli ya kwenda kwenu, usiiandike kama gharama ya chapati. Ni matumizi binafsi, na yanapunguza mtaji wako.

Kuna mahali pengine kosa hujificha, nako ni kwenye simu. Ukitumia namba ileile ya malipo kwa wateja na kwa pesa zako, taarifa ya miamala itaonyesha laki mbili zako zimeingia sawa na za mteja. Mwisho wa mwezi unazijumlisha zote kama mauzo. Hilo lina gharama hata kwa kodi, maana kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo huangalia mauzo ya mwaka. Basi unapoweka mtaji, andika papo hapo daftarini tarehe, kiasi na neno "mtaji".

Unajuaje kama daftari lako lina ugonjwa huu? Angalia miezi iliyopita. Ikiwa "faida" hupanda mwezi wa bumu na kushuka mwezi unaofuata wakati idadi ya wateja ni ileile, hiyo si faida.

Niseme pia mpaka wa jambo hili. Kutenganisha huku ni kwa ajili ya hesabu kusema kweli. Hakukukingi na deni. Kwa biashara ya mtu mmoja, chapati zikishindwa kulipa, kikundi kitakufuata wewe. Na wewe peke yako huwezi kujikopesha: ulichoweka ni mtaji. Kampuni iliyosajiliwa ni jambo tofauti, kwani mwenye hisa anaweza kuikopesha, ila kwa makubaliano yaliyoandikwa.

Fremu ya getini rafiki yangu ameiacha kwanza. Amepandisha chapati kuwa shilingi 500. Akiuza zilezile 950 kwa gharama ileile, mauzo yatakuwa 475,000 na faida 45,000. Ni ndogo kuliko laki nne na nusu, lakini hiyo itakuwa imetoka kwenye chapati.