Fahamu: Kumweka kobe kwenye picha ya bustani

Ukipaka brashi ya akili mnemba kwenye picha ya bustani na kuandika "ongeza kobe", huenda ukapata kasa mwenye mapezi, akielea juu ya nyasi. Programu nyingi za namna hii zilifunzwa kwa picha zenye maelezo, kwa hiyo eleza kinachoonekana badala ya kutoa amri:

"Kobe wa nchi kavu, gamba la manjano lenye madoa meusi, miguu minene, anaonekana kwa ubavu, majani yamefunika nyayo zake, jua linatoka kushoto, kivuli kinaangukia kulia."

Maneno yanayozaa uhalisia ni yale ya mwisho. Upande wa jua usiubuni. Tazama kivuli cha chungu cha maua kilichomo pichani. Majani juu ya nyayo ndiyo yanayomfanya kobe akanyage ardhi.

Eneo unalopaka nalo lina uzito. Programu hubadilisha humo tu, hivyo ukilibana sana, kivuli kitakatika. Panua kidogo chini na upande wa kivuli, lakini si mno, maana mnyama huelekea kulijaza eneo, akawa mkubwa kuliko chungu.