Kutoka laivu hadi klipu: maneno yanayopoteza mahali pake

Kibumba, kaskazini mwa Goma kwenye barabara ya Rutshuru, hulisha mji kwa mboga za majani. Tuchukue mfano wa mama anayeuza kabichi, au shu kama tunavyosema hapa, kwa laivu ya saa nzima. Baadaye anataka kukata vipande vifupi avitume wiki nzima. Kipande bora cha laivu yake kinasikika hivi:

«Ee mama, hiyo umeuliza ni ya muzuri. Hii hapa, iko ngumu, utakula siku mingi. Lakini usifanye vile wa kwanza alisema. Fanya mbio, imebaki tatu tu!»

Aliyekuwapo alielewa yote. Atakayekiona kesho hataelewa, kwa sababu maana imebebwa na viashiria. «Hiyo» inarejelea swali lililoandikwa kwenye skrini, na «vile» inarejelea maoni ya mteja mwingine. «Imebaki tatu» ni mbaya zaidi: kesho ni uongo, na mteja aliyepanda pikipiki kwa ajili ya kabichi iliyokwisha kuuzwa harudi tena.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kusikiliza rekodi na kuandika dakika ambapo swali moja limerudiwa na wateja kadhaa. Swali hilo ndilo klipu. Kisha nakili jibu neno kwa neno, piga mstari chini ya kila kiashiria cha mahali, mtu na wakati, na ukibadilishe kwa jina la kitu chenyewe. Kinachotegemea siku, kama bei na idadi, kiondoke. Swali lenyewe liingie mwanzoni:

«Wengi wanaulizaka: shu itakaa namna gani bila kuoza? Chagua yenye kuwa nzito na ngumu. Usitoe majani ya inje mpaka siku ya kupika. Na usiifungie mu sashe, itatoka jasho na kuoza.»

Ni maneno 30, yanayosomeka kwa takriban sekunde 15. Mama huyasoma upya kwa sauti yake, na juu yake huwekwa picha ya laivu pale alipobonyeza kabichi kwa kidole gumba.

Kosa letu sisi wanafunzi wa lugha huwa hapa: tunasahihisha «wanaulizaka» na «mu sashe» ziwe Kiswahili cha darasani. Sarufi hiyo haikuwa na tatizo, na wateja wa Goma wakisikia lugha isiyo ya mama yule watadhani ni tangazo la mtu mwingine. Rekebisha viashiria tu.

Jaribio ni rahisi. Mpe klipu mtu ambaye hakuwapo kwenye laivu. Akiuliza «hii gani?», «nani alisema?» au «lini?», bado kuna kiashiria kimoja kilichobaki bila mahali pa kushika.