Kumsifu Mwanafunzi kwa Kipimo: Maneno ya Barua ya Mapendekezo

Barua ya mapendekezo humweleza mwanafunzi kwa watu wasiomjua: kamati ya ufadhili, chuo au mwajiri. Alama zake tayari zimo katika cheti, na barua inapoandika tu kwamba ana akili, huwa imerudia kile ambacho cheti kimeshasema. Kinachotafutwa kwa mwalimu ni aina ya akili hiyo, kwa sababu wanafunzi wawili wenye daraja moja wanaweza kuwa wameifikia kwa njia tofauti kabisa.

Maneno ya kusifu akili yanaweza kupangwa katika mafungu matatu. La kwanza ni la wepesi wa kupokea. Humo mna “mwepesi wa kuelewa” na “mwerevu”, ambayo humfaa anayeshika somo jipya bila kurudiwarudiwa. “Mjanja” limo pia, lakini lina harufu ya hila, na afadhali liachwe nje ya barua rasmi.

Fungu la pili ni la juhudi: “mwenye bidii”, “makini”, “mvumilivu”. Haya nayo yana tofauti. Mwenye bidii hufanya kazi nyingi, ilhali aliye makini hufanya kazi yenye makosa machache. Mvumilivu ni yule anayelirudia swali lililomshinda jana.

La tatu ni la kina cha fikra: “mdadisi”, “mpambanuzi”, “mwenye upeo mpana”. Mdadisi huuliza sababu, mpambanuzi hutenganisha mambo yanayofanana, na mwenye upeo mpana huliona somo la leo katika jambo lililo nje ya kitabu. “Hodari”, “stadi” na “mahiri” husifu ujuzi zaidi ya akili, kwa hiyo yanahitaji kutajiwa kazi yenyewe: hodari wa hesabu, stadi wa michoro, mahiri katika mdahalo.

Barua ikikaa katika fungu moja tu, humpunguza mwanafunzi. Mwaka 2003, watafiti Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za kupendekeza walimu wa chuo kimoja cha tiba nchini Marekani. Waliona kwamba barua za wanawake zilielekea zaidi kutaja juhudi, na za wanaume kutaja utafiti na uwezo. Msomaji anayekutana na bidii pekee huweza kudhani kwamba akili haikuwepo. Kwa hiyo bidii inapotajwa, inafaa itajwe pia ilichozaa.

Chukua mfano wa msichana wa kidato cha sita, anayeandikiwa barua na mwalimu wa Biolojia. Rasimu ya kwanza inasema: “Ni mwanafunzi mwenye akili za ajabu, gwiji wa sayansi ambaye hajapata kutokea shuleni kwetu.” Mwalimu aliyefundisha hapo miaka minne hawezi kuthibitisha nani hajapata kutokea, na “gwiji” ni sifa ya aliyebobea, wala si ya anayeanza. Neno likizidi kiasi, msomaji huanza kuyatilia shaka hata yale ya kweli.

Rasimu ya pili inasema: “Nimemfundisha kwa miaka miwili. Ni mdadisi na mpambanuzi. Katika jaribio la kuotesha maharage, mikebe ya dirishani ilitangulia kuota, na wenzake wakasema sababu ni mwanga. Yeye alihoji kwamba huenda ni joto, akaomba kurudia jaribio akiwa ameifunika baadhi ya mikebe palepale dirishani. Iliyofunikwa ikaota sawa na iliyo wazi. Namweka miongoni mwa watano bora katika darasa la wanafunzi 48. Bado ni mzito wa kuzungumza mbele ya watu, ingawa maandishi yake yako wazi.”

Hakuna neno kubwa katika rasimu hii, na bado ina nguvu kuliko ya kwanza. Kila sifa inafuatiwa na tukio linaloibeba. Nafasi ya mwanafunzi imepimwa ndani ya kundi ambalo mwalimu analijua, na upungufu uliotajwa unaonyesha kwamba mwandishi hakuja kusifu tu.

Sifa mbili au tatu zenye ushahidi zinatosha kwa ukurasa mmoja. Kabla ya kutia sahihi, mwalimu anaweza kuisoma barua akiwa ameliziba jina. Ikiwa ingemfaa mwanafunzi mwingine yeyote wa darasa hilo, basi maneno bado hayajachaguliwa. Na kama hakuna tukio linalokumbukwa kwa sifa fulani, sifa hiyo hufutwa, au mwanafunzi huelekezwa kwa mwalimu anayemjua zaidi.